Mistari miwili ya mdogo wangu

Jana jioni mdogo wangu, fundi wa umwagiliaji wa matone hapa Dodoma, aliniletea maneno ya ukurasa wa "Kunihusu" wa tovuti yake: "Mtaalamu mbobezi mwenye uzoefu mkubwa. Karibu nikuhudumie." Basi. Nikamwambia hata muuza mitumba anaweza kuyabandika hayo.

Nikaacha kuandika, nikamuuliza: ukifika shambani kwa mtu, unaanza na nini?

"Naomba ndoo ya lita 20. Nafungua bomba, naangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 40, najua ana lita 1,800 kwa saa. Ndipo nataja bei."

Hapo hapo nikamkatiza: ukurasa unaanza na ndoo. Msomaji akishaiona, neno "mbobezi" halina kazi tena, tukalifuta.

Ubishi ukawa kwenye uzoefu. Alitaka tuandike miaka 10. Tukahesabu: alianza 2017 akibeba mipira ya fundi mwingine, akajitegemea 2020. Tukaandika hivyo hivyo, na mipira ikiwemo. Mteja akimpigia yule fundi wa zamani, hadithi zitalingana.

Mwisho tukaongeza kwamba hachimbi visima, na kwamba maji yenye chumvi huziba vitundu vya matone, kwa hiyo humwambia mwenye shamba la zabibu mapema. Hilo la chumvi alihofu litafukuza wateja. Mimi naona ndiyo sentensi bora kuliko zote.

Imebaki picha. Ya suti ameikataa mwenyewe, anataka ya ndoo.