Hesabu yangu ya mikoko ilivyokataliwa na muuza boriti

Katika mashindano ya mahakama ya mfano nilipewa upande wa nchi iliyokatiwa mikoko na jirani yake. Kesi ilikuwa ya kubuni: jeshi la jirani limevuka mpaka, limefyeka mikoko na kuchimba mfereji. Kazi yangu ilikuwa kusema tudai nini na kwa bei gani.

Nilianza na njia tatu za kusawazisha kosa baina ya nchi. Ya kwanza ni kurudisha hali kama ilivyokuwa. Isipowezekana, au isipotosha, ndipo hulipwa fidia kwa hasara inayohesabika kwa pesa. Kisha kuna kuridhisha, yaani kukiri kosa, kuomba radhi au kupata tamko la mahakama, kwa ajili ya lile lisilo na bei, kama heshima ya nchi iliyovamiwa. Mkoko uliokatwa huwezi kuusimamisha tena, kwa hiyo nikakimbilia fidia. Nikachukua thamani ya miti kwa mwaka mmoja, nikazidisha kwa miaka 50. Nikapata mamilioni, nikajiona wakili.

Jioni nikampitia ami yangu Mji wa Kale, anauza miti ya mikoko ya kujengea, yaani boriti, mazio na fito, tangu sijazaliwa. Nikamsomea hesabu yangu huku akipanga fito kwa korja, ishirini ishirini.

"Mwanangu, boriti hii nikishaiuza leo, mwakani nitamuuzia nani tena?"

Nikanyamaza. Nilirudi nyumbani nikasoma upya kesi ya Kosta Rika na Nikaragua, safari hii polepole. Nikaragua iliingia ardhi ya Kosta Rika karibu na mdomo wa mto San Juan, ikachimba mifereji na kukata karibu miti 300. Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba Nikaragua imekosa, ikasema tamko lenyewe latosha kuridhisha kwa madhara yasiyo ya mali. Fidia wakaambiwa wapatane wenyewe ndani ya miezi 12. Hawakupatana, wakarudi mahakamani.

Kwa mazingira peke yake Kosta Rika ilidai zaidi ya dola 2,880,000, kwa hesabu ya miaka 50. Nikaragua ikajibu kama alivyojibu ami: mti huvunwa mara moja. Yenyewe ikataka kulipa dola 34,987 tu kwa juu, ikitumia pesa wanazolipwa wenye mashamba ili wasikate misitu. Mahakama haikukubali hesabu ya upande wowote kama ilivyo. Ilisema eneo litazamwe zima, na kwamba si kila kitu huchukua miaka 50 kurudi. Ikaanzia dola 84,296, makadirio ambayo Nikaragua ilikuwa imeyapata kwa kurekebisha hesabu ya mwenzake, ikayapandisha hadi dola 120,000.

Hapo nikaichana karatasi yangu. Bei ya miti niliiweka mara moja. Zile faida za kila mwaka, kama kukuza samaki na kusafisha hewa, nikazipunguza kadiri msitu unavyoota. Tuseme faida ni dola 1,000 kwa mwaka na msitu unarudi sawasawa kwa miaka 10. Mwaka wa kwanza umepoteza 1,000, wa pili 900, wa tatu 800, hadi 100 ya mwisho. Jumla ni 5,500. Kwa njia yangu ya kwanza ingekuwa 50,000!

Lililonitesa zaidi ni gharama za serikali yenyewe. Nilikuwa nimetia mishahara ya askari waliopelekwa kulinda eneo. Kosta Rika nayo ilidai hivyo, ikakataliwa, kwa sababu maafisa wale wangelipwa hata bila uvamizi. Iliyokubaliwa ni gharama iliyotokana na kosa lenyewe, tena yenye risiti, na kwa kukosa ushahidi huo madai mengi yalikatwa. Hukumu ya tarehe 2 Februari 2018 ilifikia dola 378,890.59 kwa jumla, riba ikiwemo, kati ya dola milioni 6.7 zilizodaiwa. Kwa maoni yangu madai makubwa kupita kiasi yaliiponza Kosta Rika, maana mwishowe mahakama ilianzia kwenye makadirio ya mshitakiwa.

Siku ya mashindano jaji aliniuliza kwa nini sidai mishahara. Nilikuwa na jibu. Aliponiuliza kuhusu kuomba radhi nilibabaika, maana sehemu hiyo niliiandika mistari miwili tu.

Nilipomsimulia ami, hakujali nani alishinda. Aliuliza Nikaragua ililipa lini. Nikamwambia tarehe 8 Machi, hata miezi miwili tangu hukumu haijatimia.

"Basi hao wastaarabu," akasema, akafungua daftari lake la madeni. "Huyu hapa mwaka wa tatu, korja mbili za mazio."