Nilivyorekebisha kosa la stoku la miaka miwili baada ya hesabu kupitishwa

"Mwanangu, hizo milioni tano zipitishe kwenye gharama za mwaka huu, yaishe. Nani atafukua hesabu zilizokwisha kupitishwa?"

Aliyeniambia hivyo ni mzee ninayemheshimu, amefanya uhasibu hapa Mombasa tangu mimi niko shule. Nilimjibu kwa adabu, lakini ushauri ule uliniudhi na bado unaniudhi, kwa sababu nimeusikia kwa watu wengi mno. Kwetu sisi ungefanya mambo mawili: mwaka 2024 ungeonekana mbaya bila sababu, na mtunza stoo wetu angebaki na jina la mwizi.

Kampuni inauza matairi, ghala liko Shimanzi. Nilipoajiriwa, hesabu za 2023 zilikuwa zimeshakaguliwa, kusainiwa na kupitishwa na wanahisa. Nilipoanza kuandaa za 2024, faida ghafi ilinishtua. Vitabu vya 2023 vilionyesha kama asilimia 28 ya mauzo, na mwaka 2024 imeshuka hadi 15, ilhali bei hazikubadilika na mauzo ni yale yale, shilingi milioni 50 hivi. Bosi akaamua matairi yanaibwa. Mtunza stoo akaanza kupekuliwa getini kila jioni.

Mimi nikaenda kwenye faili. Stoku ya mwisho wa mwaka ilikuwa inajengwa kwa vitu viwili: matairi yaliyohesabiwa ghalani, na orodha ya mizigo iliyo njiani, yaani iliyokwisha kununuliwa lakini haijafika. Orodha hiyo ni karatasi ya Ekseli inayonakiliwa mwaka hadi mwaka. Ndani yake kulikuwa na kontena la milioni 3 lililoandikwa "njiani" tarehe 31 Desemba 2022. Nikatafuta pasi ya geti ya kontena hilo. Ilikuwa imebanwa nyuma ya hati ya kupokea mizigo, imegongwa muhuri 28 Desemba 2022, na namba ya kontena ni ile ile. Matairi yake yalikuwa kwenye karatasi za kuhesabia, safu ya nne, kwa mwandiko wa mtunza stoo mwenyewe. Kwa hiyo mzigo mmoja ulihesabiwa mara mbili. Halafu hakuna aliyeufuta kwenye orodha, ukaingia tena kwenye stoku ya Desemba 2023, pamoja na kontena jingine la milioni 2 lililofanyiwa vivyo hivyo.

Muhuri ule ndio uliomaliza ubishi na mkaguzi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama hili ni kosa au ni makadirio yaliyobadilika. Mngekadiria matairi fulani yatauzwa kwa bei nzuri, kisha bei ikaanguka, hayo ni makadirio, na athari yake inabebwa na mwaka mliogundua. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 8, kinasema ni kosa la miaka iliyopita pale taarifa ilipokuwepo wakati hesabu zinaidhinishwa, na ingeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida. Pasi ilikuwa ndani ya faili letu wenyewe. Kosa likiwa kubwa kiasi cha kupotosha msomaji, halipitishwi kwenye faida ya mwaka huu. Linarudishwa mwaka lilikotokea.

Hapo akaja mshauri wa pili, huyu wa programu ya uhasibu. Akasema ni rahisi: tufungue mwaka 2022 kwa nywila, tuandike marekebisho, mfumo utajipanga wenyewe. Nilikubali kwa sharti moja, tufanye kwenye nakala ya vitabu. Akafungua, akaandika, akabonyeza. Nikachapisha urari wa Desemba 2023 kutoka kwenye nakala na kuuweka kando ya ule uliosainiwa. Stoku haikuoana. Faida limbikizi haikuoana. Kodi haikuoana. Hesabu zilizoko mikononi mwa benki na KRA zingekuwa hazina leja inayozithibitisha, na mtu angeuliza mwaka kesho, tungemwonyesha nini? Jamaa alinyamaza, akaifuta nakala. Mwaka uliofungwa uacheni umefungwa.

Njia niliyoifuata ni hii. Kwanza nilikaa na karatasi, nikagawa athari kwa mwaka. Stoku ya mwisho ikizidi, faida ya mwaka huo inazidi kwa kiasi hicho hicho; stoku ya mwanzo ikizidi, faida inapungua vivyo hivyo. Kwa hiyo faida ya 2022 ilizidi milioni 3. Mwaka 2023 ulianza na stoku iliyozidi 3 ukaishia na iliyozidi 5, hivyo faida yake ilizidi milioni 2 tu. Wengi wanakosea hapa, wanaubebesha 2023 zote tano. Toa kodi ya asilimia 30: zinabaki 2.1 za mwaka 2022 na 1.4 za mwaka 2023. Jumla ni milioni 3.5.

Kwenye leja niliandika ingizo moja tu, la tarehe 1 Januari 2024. Debiti faida limbikizi 3.5, debiti kodi ya kurejeshewa 1.5, krediti stoku 5. Ni moja kwa sababu kufikia siku hiyo faida ya 2023 ilishaingia kwenye limbikizo. Ule mgawanyo wa miaka hauonekani kwenye leja, unaonekana kwenye taarifa zinazochapishwa.

Hesabu za 2024 huonyesha na 2023 kwa kulinganisha, lakini 2022 haimo. Kwa hiyo zile 2.1 hazina faida ya mwaka ya kukatwa, zinakatwa kwenye salio la kuanzia. Kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji tuliandika faida limbikizi 1 Januari 2023 kama ilivyoripotiwa, milioni 18. Marekebisho ya kosa, kutoa 2.1, salio lililorekebishwa, 15.9. Faida ya 2023 ilikuwa 6, ikawa 4.6. Gawio la milioni 1 halikuguswa. Salio la Desemba 2023 likawa 19.5. Lililosainiwa lilikuwa 23. Tofauti ni 3.5, sawasawa na ingizo la leja. Tofauti hizo mbili zisipolingana, kuna mwaka umeubebesha visivyo, rudi kwenye karatasi.

Kwa kuwa tunafuata viwango kamili vya kimataifa, mizania ilibidi iwe na safu ya tatu, ya 1 Januari 2023. Wanaotumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati hawadaiwi safu hiyo. Juu ya safu za zamani tuliandika "Imerekebishwa", na maelezo yakataja kosa ni nini na kila mstari umebadilika kwa kiasi gani. Mkaguzi aliongeza ada, kama laki moja na ushei, na sikubishana naye.

Kodi tulikuwa tumelipa zaidi: laki tisa kwa 2022, laki sita kwa 2023. Niliwasilisha ritani zilizorekebishwa kwenye iTax, kila mwaka na yake, nikaambatisha pasi za geti na karatasi za kuhesabia. Mkaguzi alitaka kuona uthibitisho wa kuwasilisha kabla ya kukubali ile 1.5 ikae kwenye mizania kama mali.

Stoku hiyo iliyozidi ilipoondolewa, faida ghafi ikatoka asilimia 24 kwa 2023 na 25 kwa 2024. Nilimpelekea bosi karatasi hiyo moja, bila maneno mengi. Aliisoma, akamwita mtunza stoo na kumwomba radhi mbele yetu sote, na upekuzi wa getini ukaisha siku hiyo hiyo. Sasa orodha ya mizigo iliyo njiani inaanzwa upya kila Desemba, na hakuna kontena linaloingia humo kabla mtunza stoo hajatia sahihi kwamba hana pasi yake.