Vitu vitano, sababu moja: kwa nini akiba yangu siiweki yote kwenye mbaazi

Mwaka 2017 nilikuwa karani kwenye ghala la mbaazi Babati, kazi yangu kupima magunia, kuandika daftari na kulipa wakulima, na niliyoyaona ule msimu ndiyo yaliyonifanya nipange akiba yangu hivi nilivyoipanga mpaka leo. Naandika kwa sababu kila ikifika Julai naona vijana wanakusanya akiba ya miaka mitatu minne wanaitia yote kwenye mazao, ukiwauliza wanakwambia mbona tumegawanya, tuna mbaazi, tuna choroko, tuna na guta la kusombea. Kwa kweli hapo hawajagawanya kitu, ngoja nieleze.

Kwanza ijulikane mbaazi inakwenda wapi. Huku kwetu watu wanapanda mbaazi katikati ya mahindi, mahindi yanavunwa, mbaazi inabaki shambani mpaka Julai, Agosti, Septemba ndo inakatwa. Mahindi hata bei ikiwa mbaya utakula, jirani atakula, shule itanunua. Mbaazi kavu sisi wenyewe tunakula kidogo sana ukilinganisha na tunachovuna, karibu yote inasubiri meli ya kwenda India, na faida yetu ni kwamba tunavuna miezi kadhaa kabla ya wakulima wa kule hawajavuna ya kwao. Kwa hiyo mnunuzi ni mmoja, msimu ni mmoja, yeye akisema sitaki huna pa kwenda.

Na akasema. Mwanzoni mwa Agosti 2017 serikali ya India ikatoa tangazo la kuweka kikomo, mbaazi inayoingia nchini mwao isizidi tani laki mbili kwa mwaka wa fedha, sababu wakulima wao walivuna sana na bei ya kule ilishaporomoka. Tangazo limetoka sisi huku ndo kwanza magunia yanaanza kuingia ghalani. Bei ambayo misimu kadhaa nyuma ilishapita 2,000 kwa kilo ikashuka mpaka mnunuzi anakutajia mia tatu, wengine mia mbili na kitu, na hiyo ni kama umempata mnunuzi mwenyewe.

Sasa bosi wangu. Alikuwa mtu makini sana, hanywi, hachezi na hela, na alikuwa anaamini amejipanga vizuri maana hela yake ilikuwa kwenye vitu vitano tofauti. Alikuwa na mbaazi ghalani. Alikuwa na choroko. Alikuwa na lori alilochukulia mkopo benki. Alikuwa amekopesha wakulima mbegu na viuatilifu wamlipe wakivuna. Na alikuwa na vyumba vya kupanga karibu na maghala. Ukimsikiliza unasema huyu mzee kajitosheleza.

Ila angalia ilivyokwenda. Mbaazi ikafa kwa lile tangazo. Kabla Agosti haijaisha likatoka tangazo la pili kutoka India, safari hii linagusa choroko, nayo ikawekewa kikomo. Lori likakosa mzigo kwa sababu mzigo wake ulikuwa mbaazi za kwenda Dar, lakini marejesho ya benki hayakukosa tarehe. Wakulima aliowakopesha wakaja wenyewe, waungwana kabisa, wanasema mzee tumevuna magunia haya hapa chukua, hela hatuna, kwa hiyo deni lake likalipwa kwa mbaazi zilezile ambazo hazinunuliki. Na wapangaji wake walikuwa vibarua wa maghala na madalali, kazi zikasimama, kodi ikasimama. Wengine wakategemea mahindi yawaokoe, kumbe Juni mwaka huohuo serikali ilishapiga marufuku kusafirisha mahindi nje bila kibali, soko la Kenya likawa gumu na bei ya mahindi nayo ikalala.

Nakumbuka mwezi wa kumi na mbili ananiambia, "Kijana, pitisha bambo kwenye ile safu ya nyuma tuone hali." Nimechoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, kwenye gunia, kwenye kiganja zikamwagika punje zenye matundu na ule unga wa fukusi, ukilipima upya gunia lililoingia na kilo mia halifiki tena mia. Maana kuna mtu atakwambia si usubiri tu bei itapanda, ndio, ila mbaazi haisubiri bure, inaliwa na wadudu, inadai dawa, inadai kodi ya ghala, na mkopo unazaa riba kila mwezi.

Hapo ndo nilipojifunza swali ambalo nalitumia mpaka leo. Sijiulizi nina vitu vingapi, najiuliza likitokea jambo hili moja, vingapi vinaanguka pamoja. Nilichukua daftari nikaandika vitu vyote vya bosi upande wa kushoto, upande wa kulia nikaandika kinachoweza kuviua: India kufunga, ukame, mkopo, benki kuyumba, serikali kubadili sheria. Kila kitu cha kushoto nikakivutia mstari kwenda kwenye kinachokiua. Mistari ya vitu vyote vitano iliishia kwenye neno India. Ukifanya zoezi hilo na mali zako kwa ukweli bila kujipendelea, utaona mwenyewe.

Mimi hela yangu ya maana ilifika milioni 10 mwishoni mwa 2021, nikiwa nimeshaanza kununua mbaazi kidogokidogo kwa jina langu. Wenzangu waliniambia weka yote, India imeshafungua, na kweli Mei ile India iliruhusu mbaazi iingie bila kikomo. Mimi nikasema mbaazi inapata robo tu, milioni 2 na nusu. Milioni 3 nikanunua hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani naikopesha serikali kwa riba, kiwango cha chini cha kuanzia kwenye mnada wa Benki Kuu, BoT, kilikuwa milioni moja kwa hiyo hata mtu wa kipato cha kawaida anaweza, benki yangu ndo ilinifungulia akaunti ya hatifungani na kupeleka maombi. Riba ilikuwa asilimia 15.49 kwa mwaka, inalipwa kila miezi sita, yaani kwa milioni 3 ni 464,700 kwa mwaka, 232,350 kila awamu, haikatwi kodi, na India ifunge isifunge inaingia. Milioni 3 nyingine nikaipeleka UTT AMIS, wale wanaokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, huu kazi yake ni hela ya karibu, ukiomba kutoa ndani ya siku chache za kazi inakuwa benki, hapo ndo ipo ada ya watoto na dharura. Milioni moja na nusu iliyobaki nikanunua hisa DSE kupitia dalali wa soko la hisa, hii niliichukulia kama hela ninayoweza kukaa miaka mitano bila kuigusa.

Mkopo sikuchukua hata senti kwa ajili ya mbaazi. Kwa bosi wangu mzigo ulipokufa, lile deni ndo lililomlazimisha auze lori kwa bei ya kutupa.

Kabla sijaweka hela nilijaribu kwa karatasi: je 2017 ikirudi? Nimenunua kwa 1,200 bei ikaanguka mpaka 300, ile milioni 2 na nusu inabaki 625,000. Nimepoteza 1,875,000. Inauma sana, ni hela ya jasho, lakini kwenye milioni 10 haijafika hata sehemu ya tano, ada inalipwa, nyumbani tunakula, na msimu ujao bado nina mtaji. Angeweka mtu milioni 10 zote angebaki na milioni 2 na nusu, na ili arudi kwenye 10 inabidi hela iliyobaki izae mara nne. Hesabu hii ya kurudi ndo watu hawaifanyi. Ukipoteza nusu unahitaji kuizidisha mara mbili ili urudi ulipokuwa, ukipoteza robo tatu ni mara nne.

Sasa niseme na gharama yake maana ipo. Msimu wa 2023 India ilikuwa inatafuta mbaazi kwa nguvu, nilinunua kwa wastani wa 1,400 nikauza 2,100. Kwa milioni 2 na nusu nikapata faida ya milioni moja na robo kabla ya kutoa magunia na usafiri. Jamaa yangu aliyeweka milioni 10 zote alipata 5. Mama watoto akaniuliza usiku, "Baba Neema, sasa si tungeweka zote?" Nikamjibu ukweli kwamba mwaka huu ingekuwa sahihi, ila msimu unapoanza tunaponunua hakuna anayejua kama ni 2023 au ni 2017. Faida ile sikuirudisha yote kwenye mbaazi, maana ukiacha tu, robo inakuwa theluthi, theluthi inakuwa nusu, na hujaamua. Kila mwaka kabla ya msimu napiga hesabu upya, mbaazi ikizidi robo ya akiba kilichozidi kinahamia Ukwasi.

Na sehemu ulipo nayo ni sababu inayoua vitu pamoja. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliyoshuka toka Mlima Hanang yaliipiga Katesh, watu walikufa, na waliobaki wapo waliopoteza nyumba, duka na stoki asubuhi moja kwa sababu vyote vilikuwa mtaa mmoja. Nilikuwa nataka kununua kiwanja karibu na ghala ninalopanga, nikaacha. Upande wa benki pia, Januari 2018 BoT ilifunga benki tano ndogo kwa mpigo, na kinga ya amana wakati ule ilikuwa mwisho 1,500,000 kwa mteja, aliyekuwa na zaidi ilibidi asubiri mali za benki ziuzwe. Kwa hiyo hela ya mauzo ya msimu siilazi yote benki moja, naigawa mbili, na kabla ya kuilaza ulizia kiwango cha kinga cha sasa ni kiasi gani.

Mpango wangu wenyewe una tundu na nimeliona kwenye lilelile daftari. Hatifungani ni serikali, na Mfuko wa Ukwasi nao sehemu ya hela yake inawekwa kwenye hatifungani na amana za benki, kwa hiyo zile milioni 6 zangu ambazo naziona ni vitu viwili, mistari yake mingi inaishia sehemu moja. Alafu hatifungani ya miaka 20 ukitaka kuiuza katikati unaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, riba mpya zikiwa juu kuliko ya kwako unauza kwa hasara, ndo maana ada haikai huko. Mwaka huu ile riba ya kila miezi sita siirudishi serikalini tena. Naikusanya kwa ajili ya mashine ndogo ya kukoboa mbaazi, niuze mbaazi zilizokobolewa kwa maduka ya Arusha na Dar, na kabla sijalipa hata shilingi naandika kwanza mistari yake, maana mnunuzi wa Arusha hatangaziwi na India, ila mashine ikae wapi na malighafi ikipanda bei ghafla nafanyaje, hayo bado sijayamaliza.