Nilivyoacha kuita kila uamuzi mbaya "usio na mantiki"

Katika jaribio langu la kwanza la sheria ya utawala niliandika "kukosa mantiki" mara sita kwenye jibu la kurasa tatu. Mwalimu aliyazungushia yote sita duara la kalamu nyekundu, kisha akaandika pembeni: "Hii ni hasira, si hoja."

Sababu tatu za mapitio ya mahakama, yaani za mahakama kutengua uamuzi wa chombo cha umma, nilikuwa nazikariri vizuri tu. Jaji wa Uingereza, Lodi Diplock, alizipanga mwaka 1984, katika kesi ya wafanyakazi wa kituo cha ujasusi cha Uingereza walioondolewa haki ya kuwa katika chama cha wafanyakazi: kutenda kinyume cha sheria, kukosa mantiki, na kukosa haki katika utaratibu. Shida yangu ilikuwa kuzipachika kwenye visa. Kila uamuzi ulionikera niliuona hauna mantiki.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Sheria inairuhusu bodi kukataa leseni ya teksi "kwa ajili ya usalama wa abiria". Dereva mwenye miaka 62 anaomba leseni yake ihuishwe, ameambatanisha cheti cha daktari. Anakataliwa. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha mambo matatu: mwenyekiti alisema dereva huyo amekuwa akiisema vibaya bodi magazetini, wajumbe walisoma malalamiko ya abiria mmoja ambayo dereva hakuwahi kuonyeshwa, na katibu alikumbusha kwamba wenye zaidi ya miaka 60 hawapewi leseni, basi, hakuna wa kuangaliwa peke yake.

Nilipokwenda kumwona mwalimu, alinikataza kutaja sababu yoyote kwanza. "Niambie bodi ilifanya nini. Tumia vitenzi." Nikaanza: ilimwadhibu kwa maneno yake. Ilimficha malalamiko. Ilikataa kumfikiria. Hapo nikaona kwamba ni makosa matatu tofauti, na nilikuwa nimeyatia yote kwenye kapu moja.

La kwanza ni kinyume cha sheria. Uwezo ulitolewa kwa ajili ya usalama, bodi ikautumia kulipiza kisasi. La tatu nalo nililiweka hapo: aliyepewa hiari na sheria anaweza kuwa na sera, lakini hawezi kuziba masikio kwa mtu mwenye jambo jipya la kusema. Cheti cha daktari kilikuwa ndilo jambo jipya, na hakuna aliyekifungua.

La pili ndilo lililonifundisha kipimo ninachokitumia hadi leo. Najiuliza: tuseme dereva kweli ni hatari, na bodi ilifikia jibu sahihi, je, kosa bado lipo? Malalamiko bado yalifichwa, kwa hiyo kosa liko kwenye njia, si kwenye jibu. Huo ni utaratibu. Katika kesi ya Ridge dhidi ya Baldwin, mkuu wa polisi wa Brighton alifukuzwa bila kuelezwa tuhuma wala kupewa nafasi ya kujitetea, na mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo ikautangua uamuzi huo. Swali halikuwa kama alistahili kufukuzwa. Kipimo hiki pia kinakuonya usimwahidi mteja makubwa: akishinda kwa utaratibu, bodi inaweza kumsikiliza vizuri kisha ikamnyima tena.

Basi kukosa mantiki kunabaki na nini? Kidogo kuliko nilivyodhani. Nakuweka mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba uwezo ulikuwepo, lengo lilikuwa halali na mhusika alisikilizwa. Kama bado jibu ni la ajabu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angelifikia, ndipo nalitaja. Ili nisijidanganye nakumbuka kesi ya Wednesbury ya mwaka 1947: halmashauri ilikataza watoto chini ya miaka 15 kuingia sinema Jumapili, hata wakiwa na wazazi wao. Mwenye sinema alishindwa. Kama kisa changu hakizidi hicho kwa ukali, natafuta sababu nyingine.

Kusema kweli mipaka yenyewe ina matundu. Kwenye kesi hiyohiyo umo mfano wa mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu ana nywele nyekundu. Unaweza kusema bodi imezingatia jambo lisilohusika, au kwamba uamuzi ni wa kipuuzi, na yote mawili ni kweli. Mimi huanza na la kwanza, kwa kuwa ni rahisi kulithibitisha kwa kumbukumbu za kikao.

Kwenye jaribio la pili nililitumia neno lile mara moja tu, kwa ile sera ya miaka 60. Duara jekundu likarudi: "Mbona umeshaiua sera hii aya iliyotangulia?"