Vidonge 39 mkebeni mwa Dani

Leo, 17 Juni, kabla Dani, nyanya yangu, hajameza dawa za asubuhi, nilimwaga mkebe wake juu ya meza nikahesabu kila kidonge. Nilitaka tu kujua lini tununue tena.

Dawa zake ni mbili. Ya presha ni amlodipini ya miligramu 5, kimoja asubuhi. Ya sukari ni metformini ya miligramu 500, kimoja baada ya chai ya asubuhi, kimoja baada ya chakula cha jioni. Kliniki walimpa 30 za presha na 60 za sukari, akaanza tarehe 3. Hadi jana usiku ni siku 14. Za presha zimebaki 16, barabara. Za sukari zilipaswa kubaki 32. Nimezihesabu mara tatu: 39.

Saba zimezidi. Asubuhi humeza zote mbili pamoja, na ya presha imetimia, kwa hiyo zilizorukwa ni za jioni. Nikamuuliza polepole.

"Mjukuu wangu, niliambiwa nisiimeze bila chakula. Ninyi mnapakua saa tatu, mimi nishalala."

Iliniuma. Yeye alishika maagizo, sisi ndio tuliochelewesha ugali. Nikampigia nesi wa kliniki. Alisema zilizopita zimepita, asimeze mbili kwa mpigo kufidia. Akanisihi pia niende na hesabu hii siku ya kliniki, maana sukari ikipimwa iko juu, daktari anaweza kudhani dozi haitoshi akaiongeza, kumbe dozi yenyewe haijamezwa.

Chini ya mkebe nilikuta pia karatasi ya vidonge vya amlodipini ya miligramu 10, ya zamani, imekatwa pale palipokuwa na tarehe ya mwisho. Kwa macho ya Dani haina tofauti na ya sasa, na angeimeza angekuwa amemeza dozi maradufu. Nimeitoa, nitaipeleka duka la dawa waiharibu.

Sasa tarehe. Za presha zinaisha 2 Julai, ilhali kadi inasema arudi kliniki 6 Julai. Hapo katikati kuna asubuhi nne bila dawa, kuanzia tarehe 3 hadi yenyewe ya 6, na hakuna aliyeliona hilo walipompangia. Nimeandika daftarini: vidonge vinne, vinunuliwe kufikia 25 Juni. Wiki moja kabla, kwa sababu nimewahi kuzunguka maduka matatu hapa Kisumu nikiitafuta dawa hiyohiyo. Za sukari zitafika asubuhi ya tarehe 6, lakini ni kwa sababu ya zile saba alizokosa. Mwezi ujao, akimeza zote, zitapungua vilevile, kwa hiyo nitaomba wampe za siku 35.

Saa moja jioni Dani alikula ugali na omena, akameza yake. Daftarini nimeandika 37.