Nilivyoacha kumpunguza mteja kwenye picha ya gauni

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza. Kabla sijaweka mkasi kwenye kitenge cha mteja, humwonyesha picha yake mwenyewe akiwa ndani ya gauni analolitaka. Nampiga picha kwa simu akiwa na nguo aliyokuja nayo, kisha naingia kwenye kompyuta, kwenye programu ya GIMP, navua ile nguo pana na kumvalisha gauni la kubana. Kwa muda mrefu kila picha niliyotoa ilikuwa na mwanamke mwembamba kuliko aliyesimama mbele yangu, wala sikukusudia.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni. Alikuja na kitenge cha maua makubwa, anataka gauni la kubana la kuvaa kwenye send-ofu ya binti yake. Alikuwa amevaa dera. Nilimpiga picha pale nje, upepo wa ziwa ukalijaza dera mpaka likawa kama tanga. Usiku nikatafuta picha ya gauni linalofanana na alilotaka, nikaliweka juu yake, nikalipima kwa mabega yake, na kila kilichozidi pembeni nikakifuta. Asubuhi akaiangalia, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, uso ni wangu. Huyu mwingine ni nani?"

Iliniuma, kwa sababu picha ile ndiyo ahadi yangu kwa mteja. Akiipenda picha ya mwili usio wake, gauni halisi litamhuzunisha hata likishonwa vizuri namna gani.

Nikaanza kutafuta kosa lilipoingilia. Dera huning'inia kutoka mabegani na kifuani, kisha linashuka bila kugusa kiuno wala tumbo. Kwa hiyo picha haina habari ya mwili ulioko ndani. Mwenye kuhariri inabidi akisie, na jicho lililozoea picha za matangazo hukisia kwenda ndani siku zote. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: lile gauni lilikuwa limepigwa likiwa kwenye mwili wa msichana mwembamba, nami nikaufanya mwili wa mama ulifuate gauni. Kumbe gauni ndilo la kufuata mwili.

Nikamwomba arudi. Nilitamani nimpige akiwa na taiti na fulana ya kubana, akakataa, hataki picha ya namna hiyo ibaki kwenye simu ya mtu. Ana haki. Basi tukaingia chumba cha ndani, akabaki na nguo nyepesi, nikampima kwa futi: hipsi sentimita 118, tumboni 108. Hapo nilifanya kosa jingine ambalo naona mafundi wengi wangelifanya. Nikajiambia mzunguko ni 118, nikigawa kwa 3.14 napata upana wa sentimita 37 na nusu. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama mtu angekuwa mviringo kama ndoo. Hipsi zake ni pana kwa mbele kuliko zilivyo nene kwa ubavuni, na picha ya mbele inaonyesha ule upana tu.

Upana huo nikaupata kwa njia ya ukutani. Mama aliegemea ukuta kwa mgongo, nikasimamisha daftari lenye jalada gumu likigusa ukuta na ubavu wa hipsi, nikatia alama ya penseli. Upande wa pili vivyo hivyo. Kati ya alama na alama zilikuwa sentimita 43. Ningeifuata ile hesabu ya mviringo ningemkata zaidi ya sentimita 5. Tumboni alama zilitoa 37.

Picha ya pili nilimpiga ndani, kusiko na upepo, na dera lake lile lile. Simu niliiweka juu ya viti viwili vilivyopandana, usawa wa tumbo lake, mita 3 kutoka alipo, na nikazima ile sehemu ya kamera inayorembesha sura. Ukiisogeza simu karibu na kuishika usawa wa uso, kichwa kinakua na hipsi zinasinyaa kabla hujagusa kompyuta. Kando ya mguu wake nikasimamisha kijiti cha sentimita 100. Nasema kando ya mguu, si ukutani. Mwanzoni nilikiegemeza ukutani, sentimita 20 nyuma yake, na kwa kuwa kiko mbali zaidi kilionekana kifupi. Kila kipimo nilichotoa kwake kikampunguza mama karibu sentimita 3 kwenye hipsi. Mwisho, mama alipoondoka, sikuigusa simu ilipokaa, nikapiga ukuta mtupu.

Kwenye GIMP, kifaa cha `Measure` kilinionyesha kwamba kijiti kina pikseli 1,000. Kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 10, na hipsi za mama ni pikseli 430. Nikachora mistari myekundu ya mwili kwenye tabaka lake peke yake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha: kifua, tumbo, hipsi, kila mmoja kwenye kimo chake kutoka sakafuni kama nilivyopima. Baada ya hapo, `Warp Transform`, kifaa cha kuvuta na kusukuma sehemu za picha, nilikitumia kwenye tabaka la gauni tu. Picha ya mama sikuivuta hata pikseli moja. Pale dera lilipozidi nje ya gauni, nilifunua picha ya ukuta mtupu iliyokuwa chini yake, basi.

Tena gauni halikai sawasawa na mstari wa mwili. Kitenge hakivutiki, na nilikuwa nimepanga nafasi ya sentimita 4 kuzunguka hipsi ili aweze kukaa. Hiyo inaongeza upana kwa sentimita moja hivi, kwa hiyo gauni likatoka pikseli 440, nje kidogo ya mstari.

Nilidhani nimemaliza, lakini bado alionekana mwembamba. Upana ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kivuli. Nilikuwa nimeacha tumbo limenyooka kama ubao. Nikaongeza giza jepesi chini ya kifua na chini ya mwinuko wa tumbo, na mwanga juu yake, kama dirisha lilivyokuwa likimulika. Kisha nikaangalia maua. Ua moja la kitenge kile lina sentimita 12, kwa hiyo katikati ya tumbo linatakiwa kuwa na pikseli 120 na kuwa jembamba linapozunguka kwenda ubavuni. Maua yakibanwa katikati, ujue kuna mahali umeuminya mwili. Yangu ya hipsi yalikuwa na 105. Nilikuwa nimeyabana, nikayarudisha.

Njia hii inafaa kwa mtu aliyesimama akitazama mbele. Akigeuka hata kidogo, alama za ukutani hazitoshi, utahitaji na unene wa ubavuni.

Binti yake alikuwepo siku ya kuonyesha. Akaniambia, "Dada, mpunguze kidogo tu hapa tumboni." Kabla sijajibu, mama alishaichukua simu. Akaitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye tumbo lile.

"Hili nalijua," akasema. "Mikono iongeze, ifike kwenye kiwiko. Na zipu iwe nyuma."

Nikaandika: mikono mpaka kiwiko, zipu nyuma. Kesho yake nikakata.