Muhuri uliogeuza 3 kuwa 8: nilivyotoa majedwali ya malipo kwenye picha za mikataba

Nilikabidhiwa folda yenye mikataba 140 ya kukodisha mitambo. Mingine ilikuwa imeskaniwa, mingine imepigwa picha kwa simu juu ya meza. Kazi ilikuwa moja: kutoa jedwali la malipo la kila mkataba, yaani namba ya awamu, tarehe na kiasi, na kuyaweka yote kwenye lahajedwali moja.

Siku ya kwanza niliipa Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ukurasa mzima na kusubiri. Aya za kawaida zilitoka vizuri. Jedwali lilitoka kama uji: mistari ya wima ilisomwa kuwa herufi l au tarakimu 1, na tarehe ndefu iliyokunjwa mistari miwili ndani ya kisanduku ilichanganyika na kiasi cha awamu iliyofuata. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Kilichonitisha ni kosa ambalo halikuonekana kuwa kosa.

Mkataba mmoja ulikuwa na awamu nne. Programu ilisoma 2,000,000, kisha 1,350,000, kisha 1,850,000, kisha 700,000. Namba safi, koma mahali pake, na kiwango cha uhakika ambacho Tesseract hutoa kwa kila neno kilikuwa juu ya 90. Ila jumla iliyochapwa chini ya jedwali ilikuwa 5,400,000, na nilipozijumlisha awamu nilipata 5,900,000. Tofauti ni 500,000. Nilikuza picha. Muhuri wa duara wa rangi ya zambarau ulikuwa umegongwa juu ya awamu ya tatu, na ukingo wake ulipita upande wa kushoto wa tarakimu 3 ukaifunga. Kwa programu, hiyo ni 8 kamili. Kiasi halisi kilikuwa 1,350,000.

Tangu hapo sikukiamini tena kile kiwango cha uhakika kama kipimo pekee. Kinaeleza jinsi umbo linavyofanana na tarakimu fulani, na 3 iliyofungwa na muhuri inafanana sana na 8.

Nilianza na rangi. Picha ya rangi ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wino mweusi wa printa hufyonza zote tatu, kwa hiyo ni giza kila mahali. Wino wa zambarau hufyonza zaidi kijani na kuacha nyekundu na bluu zipite. Wino mwekundu huacha nyekundu. Ukichukua, kwa kila pikseli, chaneli iliyo angavu kuliko zote, muhuri hufifia ukakaribia weupe wa karatasi, huku maandishi meusi yakibaki, hata yale yaliyo chini ya muhuri.

```python
import cv2
picha = cv2.imread("mkataba.jpg")
safi = picha.max(axis=2)
```

Kwenye mikataba iliyoskaniwa kwa rangi, mstari huo mmoja ulirudisha 3 yangu. Kwenye picha za simu haukutosha, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Chini ya taa ya manjano, chaneli ya bluu huwa hafifu ukurasa mzima, hivyo muhuri wa bluu hubaki giza hata baada ya kuchagua chaneli angavu zaidi. Dawa ni kusawazisha mwanga kwanza: unakadiria rangi ya karatasi tupu kuzunguka kila sehemu, kisha unagawanya kila chaneli kwa makadirio hayo ili karatasi irudi kuwa nyeupe. Kivuli cha mkono nacho huondoka hapo hapo.

Kuna mahali njia hii haifiki. Mikataba iliyoskaniwa nyeusi na nyeupe imeshapoteza rangi, na hakuna namna ya kuirudisha. Kwa hiyo niliomba iskaniwe upya kwa rangi, na pale nakala halisi ilipokosekana, jedwali lake lilisomwa na mtu.

Baada ya muhuri nikaingia kwenye jedwali. Niliacha kabisa kuipa programu ukurasa mzima. Nilinyoosha picha kwanza, halafu nikatafuta mistari ya jedwali yenyewe kwa kubakiza tu vitu vyeusi vilivyo virefu kuliko herufi yoyote:

```python
giza = cv2.threshold(safi, 0, 255,
    cv2.THRESH_BINARY_INV + cv2.THRESH_OTSU)[1]
m = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_RECT, (80, 1))
w = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_RECT, (1, 80))
mlalo = cv2.morphologyEx(giza, cv2.MORPH_OPEN, m)
wima = cv2.morphologyEx(giza, cv2.MORPH_OPEN, w)
```

Pikseli 80 zinafaa ukurasa ulioskaniwa kwa dpi 300, kwa sababu herufi za mwili wa mkataba hazifiki urefu huo. Mistari ya mlalo na wima inapokutana unapata pembe za visanduku. Nilikata kila kisanduku ndani kidogo ya mistari yake, nikakizungushia ukingo mweupe wa pikseli 10, maana Tesseract husoma vibaya maandishi yanayogusa mwisho wa picha, kisha nikakisoma peke yake: `--psm 7` kwa kisanduku chenye mstari mmoja, `--psm 6` kwa chenye mistari kadhaa. Tarehe iliyokunjwa ilibaki ndani ya kisanduku chake. Picha za karatasi iliyojikunja zilinisumbua, kwa sababu mstari uliopinda hukatika vipande; hapo nilifupisha ile 80 ikawa 40 na kuviunganisha vipande.

Nikadhani nimemaliza, mpaka nilipoona safu ya tarehe ikiwa tupu kwenye mikataba kadhaa. Tarehe zilikuwa zimejazwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, na usafishaji wangu ulikuwa umezifuta pamoja na muhuri. Hili linahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu kisanduku tupu kinaonekana kama jambo la kawaida. Sasa natunza picha mbili, ya asili na iliyosafishwa. Kisanduku kikiwa kitupu kwenye iliyosafishwa lakini kina wino kwenye ya asili, kinapewa alama na kupelekwa kwa mtu. Picha ya asili ndiyo pia ninayoitumia kurekodi kwamba muhuri upo na upo ukurasa gani, kwa kuwa mwenye mkataba atauliza.

Mwisho, hesabu. Kila jedwali linajumlishwa na kulinganishwa na jumla iliyochapwa, na jumla hiyo inalinganishwa na kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndani ya mkataba. Zisipolingana, tofauti yenyewe huelekeza pa kutazama. 3 ikisomwa 8, tofauti ni 5 kwenye nafasi ile ya tarakimu. 1 ikisomwa 7, ni 6. 0 ikisomwa 8, ni 8. Kwa ule mkataba wangu, 500,000 inamaanisha kosa la 5 kwenye nafasi ya laki, kwa hiyo natazama kwanza tarakimu ya laki kwenye kila awamu, hasa zile zilizoguswa na muhuri. Sijaiacha programu ibadilishe namba yenyewe hata mara moja. Inaonyesha kipande cha picha ya asili kando ya namba iliyosomwa, na mtu ndiye anayeamua.

Kati ya ile mikataba 140, 23 ilihitaji jicho la mtu. Mingi ilikuwa ya kalamu ya bluu, na mitatu ilikuwa na muhuri mweusi, ambao hakuna chaneli inayoweza kuutenganisha na maandishi.